Kutoka Tasnifu hadi Pendekezo la Kitabu: Mfano wa Utafiti wa Ushairi wa Mombasa

Tasnifu iliyokwisha kupitishwa na watahini haiwi kitabu kwa kuondolewa ukurasa wa ikirari na kutiwa jalada jipya. Watahini walitaka kuthibitisha kwamba mwandishi ameyasoma maandishi yaliyomtangulia, ameteua nadharia na mbinu inayofaa, na amechanganua data yake kwa uangalifu. Mhariri wa shirika la uchapishaji hana haja na uthibitisho huo, kwa sababu shahada yenyewe imekwisha kumtosheleza. Anachotaka kujua ni mambo matatu: kitabu kinadai nini, nani atakubali kutoa pesa zake kukinunua, na kwa nini mnunuzi huyo asitosheke na vitabu ambavyo tayari vipo kwenye rafu. Pendekezo la kitabu ni waraka wa kurasa kama 8 hadi 15 unaojibu maswali hayo kabla mhariri hajaona mswada mzima, na mara nyingi ndio waraka atakaoingia nao katika mkutano ambamo wenzake wa mauzo watamuuliza maswali yayo hayo.

Ili tusizungumze kwa jumla, tuuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Mtafiti mmoja wa Mombasa amemaliza tasnifu ya uzamifu, aliyoiandika kwa Kiswahili, kuhusu mashairi ya kujibizana: mashairi ambayo mshairi mmoja huyatuma na mwenzake huyajibu, aghalabu kwa kufuata bahari na vina vilevile. Data yake ina sehemu mbili. Ya kwanza ni mashairi ya karne ya 19, hasa ya Muyaka bin Haji, aliyeishi takriban kutoka 1776 hadi 1840, pamoja na majibu ya washairi wa Lamu. Ya pili ni mahojiano na washairi walio hai wa Mji wa Kale, Majengo na Kisauni. Tasnifu ina maneno 92,000 na sura sita, na anwani yake ni ya aina tuliyoizoea: uchanganuzi wa maudhui na mtindo katika mashairi ya kujibizana ya Mombasa. Mtafiti huyu ni wa kubuni, lakini vitabu na washairi nitakaowataja katika mfano wake ni wa kweli.

Andika kinyume cha mpangilio

Katika pendekezo lililokamilika, mhariri ataona kwanza anwani na maelezo ya jumla ya kitabu, kisha muhtasari wa kila sura, kisha maelezo kuhusu wasomaji, na mwishoni ulinganisho na vitabu shindani. Ushauri wangu ni kwamba usiandike kwa mpangilio huo. Anza na vitabu shindani, uende kwa wasomaji, kisha sura, na maelezo ya jumla uyaandike mwisho kabisa. Sababu ni kwamba mtu aliyetoka kuandika tasnifu hukijua kila kitu kilichomo ndani yake, na kwa hiyo hawezi kutambua kwa urahisi kipi kati ya hivyo ni kipya machoni pa mtu mwingine. Kukilinganisha kitabu chake na kingine, kimoja baada ya kingine, ndiko kunakomlazimisha kutaja tofauti kwa maneno machache, na tofauti hiyo ndiyo itakayogeuka kuwa dai la kitabu.

Vitabu shindani

Wengi huchukua sura ya mapitio ya maandishi, wakaifupisha, wakaiita ulinganisho. Hilo halifai, kwa kuwa mapitio huorodhesha makala, tasnifu na vitabu vyote vilivyogusa mada, ilhali ulinganisho unahusu vitabu tu, tena vile ambavyo mnunuzi wa kitabu chako angeweza kuvichukua badala yake. Makala ya jarida hayashindani na kitabu dukani. Tasnifu ya mtu mwingine iliyo katika hazina ya chuo haishindani nacho pia, hata kama mada ni ileile. Vitabu vinne hadi sita vinatosha, na ni bora viwemo vya miaka ya karibuni, kwa sababu orodha ya vitabu vya kale peke yake humfanya mhariri ajiulize kama mada yenyewe bado ina wasomaji.

Tafuta kwa njia mbili. Pekua katalogi kubwa za mtandaoni kama WorldCat pamoja na katalogi za mashirika unayoyalenga, kisha nenda ukasimame mbele ya rafu yenyewe, iwe ni katika maktaba ya Fort Jesus, ya chuo chako, au katika duka la vitabu, utazame kitabu chako kingewekwa kati ya vipi. Kila kitabu utakachokiteua kishike mkononi na ukisome upya dibaji na yaliyomo, hata kama ulikinukuu mara nyingi katika tasnifu. Ulikisoma zamani kwa ajili ya nukuu, na sasa unakisoma ili uone kimepangwa vipi na kimeandikiwa nani.

Kwa mtafiti wetu, vitabu vya lazima vinajitokeza mara moja. Kipo Diwani ya Muyaka iliyohaririwa na William Hichens na kutolewa na Chuo Kikuu cha Witwatersrand mwaka 1940. Kipo kitabu cha Mohamed H. Abdulaziz kuhusu Muyaka kilichotolewa na Kenya Literature Bureau mwaka 1979, chenye mashairi, tafsiri ya Kiingereza na maelezo ya kihistoria. Kipo cha Ann Biersteker cha 1996, ambacho jina lake lenyewe linaanza kwa neno Kujibizana, kinachochunguza lugha na mamlaka katika ushairi wa karne ya 19 na ya 20. Na kipo cha Kai Kresse cha 2007 kuhusu maisha ya kifikra ya Mombasa, ambacho kina sura juu ya ushairi wa Ahmad Nassir.

Kitabu kinachotisha zaidi kati ya hivyo ni cha Biersteker, na hicho ndicho kinachopaswa kuzungumziwa kwa urefu kuliko vingine. Kukificha ni kosa kubwa, kwa sababu msomaji mtaalamu atakayepewa pendekezo hilo alitathmini anakijua, na akiona hakikutajwa atahukumu ama kwamba mwandishi hakukisoma au kwamba anakiogopa. Rasimu ya kwanza ya mtafiti wetu ilisema hivi: "Hakuna utafiti wa kina uliofanywa kuhusu mashairi ya kujibizana ya Mombasa." Sentensi hiyo ni urithi wa tamko la tatizo katika tasnifu, na mara nyingi si ya kweli. Badala yake anaweza kuandika:

"Kitabu cha Biersteker (1996) kiliwaonyesha wasomaji wa Kiingereza kwamba majibizano ni njia muhimu ya kuuelewa ushairi wa Kiswahili, na kitabu hiki kinajenga juu ya msingi huo. Chake kinatembea karne mbili na kuangalia ushairi wa Kiswahili kwa upana. Changu kinakaa katika mji mmoja, kinaongozwa na maelezo ya washairi walio hai wa mji huo kuhusu kanuni za kujibu, na kimeandikwa kwa Kiswahili ili mashairi yasomwe bila kupitia tafsiri. Vitabu vya Hichens na Abdulaziz vimejengwa juu ya mshairi mmoja. Changu kimejengwa juu ya shairi na jibu lake, na kwa hiyo mshairi wa Lamu anasimama sawa na Muyaka badala ya kubaki tanbihini."

Tazama namna aya hiyo inavyokwenda. Inakubali mchango wa kitabu kilichotangulia kwa sentensi isiyo na kejeli, inataja tofauti inayoweza kuthibitishwa kwa kufungua vitabu vyote viwili, na inasema tofauti hiyo inamfaidi nani. Haisemi kwamba waliotangulia walikosea. Mwandishi wa kitabu ulichokidharau anaweza kuwa ndiye atakayeombwa kukitathmini chako, na hata asipokuwa yeye, dharau huonyesha kwamba mwandishi bado anazungumza na watahini. Jambo la lugha nalo linahitaji uangalifu: kusema tu kwamba kitabu kitakuwa cha kwanza kwa Kiswahili ni tofauti ya kweli, lakini peke yake haitoshi, kwa sababu mhariri anaweza kujibu kwamba basi kilichopo kitafsiriwe.

Ulinganisho ukishakamilika, usome kwa sauti na upige mstari chini ya kila sentensi inayoanza na "changu." Sentensi hizo ndizo mbegu ya dai. Kwa mtafiti wetu zinaelekea mahali pamoja: kitovu cha kitabu chake ni kanuni ya kujibu. Hapo ndipo anapoweza kuandika dai ambalo tasnifu yake ilikuwa nalo bila kulitamka, kwamba kanuni hiyo, kwa kumlazimisha mshairi achukue bahari, vina na hata maneno ya hasimu wake, ilimlazimu kumsikiliza kabla ya kumshambulia, na ndiyo iliyoyawezesha mashairi kuendelea kusafiri kati ya miji iliyokuwa vitani. Dai la namna hii linaweza kupingwa, na hiyo ni dalili njema. Anwani ya tasnifu, "uchanganuzi wa maudhui na mtindo," haiwezi kupingwa na mtu yeyote, kwa kuwa haisemi chochote.

Wasomaji

Sentensi inayoharibu mapendekezo mengi kuliko zote ni ile isemayo kwamba kitabu kitawafaa wanafunzi, walimu, watafiti na umma kwa jumla. Mhariri akiisoma huhesabu kwamba mwandishi hamjui msomaji hata mmoja. Maelezo ya wasomaji hujengwa kwa kuanza na kundi dogo ambalo hakika litakihitaji kitabu, kisha kupanua hatua kwa hatua, na kwa kila kundi kueleza litakitumia kwa kazi gani na litakifikia vipi.

Kundi la kwanza la mtafiti wetu ni wahadhiri na wanafunzi wa kozi za ushairi wa Kiswahili katika vyuo vikuu. Hilo lisiishie hapo. Anapaswa kuandika kwa vyuo mahususi, kwa mfano Chuo Kikuu cha Pwani kilichoko Kilifi, Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aulizie muhtasari wa kozi, aone ni kozi gani inayofundisha ushairi wa kale na katika mwaka gani wa masomo, na ikiwezekana ajue ni vitabu vipi vinavyosomwa sasa. Mhadhiri mmoja aliyesema kwa barua kwamba angeipangia darasa lake sura ya 1 ana uzito kuliko aya nzima ya matumaini. Hapa pia ndipo mwandishi anapogundua jambo linaloathiri umbo la kitabu: ikiwa msomaji wake mkuu ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, basi msamiati wa Kimvita na wa Kiamu uliomo katika mashairi utahitaji sherehe chini ya ukurasa, na sherehe hiyo lazima ihesabiwe katika urefu wa kitabu.

Kundi la pili ni wasomi wa historia ya pwani na wa masomo ya Kiswahili walio nje ya Afrika Mashariki, ambao wanaisoma lugha hii lakini hawana njia ya kuyafikia mahojiano yaliyofanywa Kisauni. Idadi yao si kubwa, na mwandishi asijaribu kuikuza. Umuhimu wao ni kwamba maktaba za vyuo vyao ndizo hununua.

Kundi la tatu ni washairi wenyewe na wapenzi wa mashairi, wale wanaofuatilia vipindi vya mashairi redioni na kuhudhuria mashindano. Kuhusu kundi hili ningemwomba mwandishi asilitaje ila kama yuko tayari kuliandikia. Mshairi wa Majengo anayejua kujibu papo kwa papo hatastahimili kurasa 20 za nadharia kabla ya kuliona shairi la kwanza, na mhariri makini atafungua sura ya mfano kuthibitisha kama ahadi iliyotolewa katika maelezo ya wasomaji imetimizwa katika mtindo. Maelezo ya wasomaji ni ahadi, na sura ya mfano ndiyo mahali pa kuilipa. Ni afadhali kutaja makundi mawili na kuyatimizia, kuliko kutaja matano.

Kuvunja sura na kuzijenga upya

Mpangilio wa tasnifu hauwezi kubaki. Sura ya kwanza ya mtafiti wetu, yenye usuli, malengo, maswali, nadharia na mbinu, ina maneno 14,000, na mapitio ya maandishi yana 21,000. Ina maana kwamba msomaji anapita maneno 35,000, zaidi ya thuluthi ya kazi, bila kukutana na uchanganuzi wa shairi hata moja. Baadaye sura ya nne inachanganua maudhui na ya tano mtindo, jambo linalomaanisha kwamba kila shairi limekatwa mara mbili na kuwekwa sehemu mbili tofauti. Kwa mtahini ni sawa. Kwa msomaji ni kuliua shairi.

Njia ya kuvunja ni kuchukua karatasi, kuandika kila jambo ulilolithibitisha kwa sentensi moja moja, bila kutaja limetoka sura ipi, kisha kuzipanga sentensi hizo kwa swali ambalo msomaji angeliuliza baada ya kusoma lililotangulia. Mtafiti wetu alipofanya hivyo, mfululizo uliojitokeza ulikuwa wa majibizano yenyewe, kutoka kanuni hadi matukio. Sura ya 1 inaeleza kanuni ya jibu kama washairi walio hai wanavyoieleza na kuitumia. Sura ya 2 inarudi Mombasa na Lamu kabla ya vita vya Shela vya takriban 1812. Sura ya 3 inatazama mji ulivyozungumza Wamazrui walipoangushwa na Seyyid Said mwaka 1837. Sura ya 4 inahusu wakusanyaji, yaani Mwalimu Sikujua na mmishonari William Taylor, ambao bila kazi yao mengi ya mashairi haya yangepotea, na inauliza ni wapi shairi limehifadhiwa huku jibu lake likikosekana. Sura ya 5 inafika karne ya 20, kwa "Mnazi: Vuta N'kuvute" la Abdilatif Abdalla, ambamo ndugu wawili wanabishana ndani ya shairi moja lililotungwa gerezani.

Mapitio yamekwenda wapi? Maneno kama 1,500 yameingia katika utangulizi, mengine yamekuwa tanbihi, na yaliyobaki yameachwa. Nadharia nayo imebaki mahali inapofanya kazi tu, katika sura ya 1, ambapo inasaidia kueleza jambo ambalo washairi wenyewe hawakulieleza. Sura ya sita ya tasnifu, yenye muhtasari, matokeo na mapendekezo kwa watafiti wengine, imetoweka kabisa. Hesabu ya maneno sasa ni hii: utangulizi 6,000, sura tano za wastani wa 11,000 ambazo ni 55,000, hitimisho 4,000, tanbihi na marejeleo 10,000, jumla 75,000. Mashirika mengi ya vyuo vikuu hukubali kwa urahisi kitabu cha kwanza kilicho kati ya maneno 70,000 na 90,000, na hutaka hesabu hiyo iwe imejumuisha tanbihi, kwa hiyo taja wazi kilichohesabiwa.

Muhtasari wa sura

Kila sura ipate muhtasari wa maneno kama 150 hadi 300. Kasoro ya kawaida ni muhtasari unaotaja mada bila kutaja kinachosemwa juu yake. Huu hapa ulikuwa wa kwanza wa sura ya 2: "Sura hii inajadili muktadha wa kihistoria wa mashairi ya kujibizana kati ya Mombasa na Lamu. Inachanganua maudhui ya siasa na vita, na kuonyesha mbinu za kimtindo zilizotumiwa na washairi." Jaribio la haraka la kuitambua kasoro hii ni kuyafuta majina ya mahali na ya watu; ikiwa kilichobaki kinaweza kubandikwa kwenye tasnifu nyingine yoyote, muhtasari haujaandikwa bado. Muhtasari uliofanyiwa kazi unaweza kuwa hivi:

"Sura ya 2: Maneno Yatangulia Vyombo. Kabla majeshi ya Mombasa na Pate hayajashindwa Shela, miji hasimu ilikuwa ikitumiana mashairi. Mashairi hayo yamezoea kusomwa kama vitisho na majigambo ya vita. Sura hii inadai kwamba yalikuwa pia njia ya kupimana nguvu na kupeana habari, kwa sababu anayejibu hakuweza kulijibu shairi bila kulikariri mbele ya watu wake, na hivyo sauti ya adui ilisikika ndani ya mji. Kwa kusoma beti kwa beti majibizano ya Muyaka na Zahidi Mngumi wa Lamu, sura inaonyesha ni maneno yapi yaliyochukuliwa kutoka kwa hasimu, yapi yaliyogeuzwa maana, na yapi yaliyokwepwa. Kukwepa huko ndiko kunakofichua mambo ambayo kila upande haukutaka yasemwe wazi. Sura inamalizikia kwenye swali la nini hutokea kwa jibu wakati upande mmoja umeshindwa, swali ambalo sura ya 3 inalichukua katika Mombasa ya 1837."

Muhtasari huu umetaja hali ilivyo, namna mashairi yanavyosomwa kwa kawaida, dai la sura, ushahidi, na kiungo kinachoifunga na sura inayofuata. Kiungo hicho husahauliwa sana. Ukiyasoma mihtasari yote mitano mfululizo bila kusoma kitu kingine chochote, unapaswa kulisikia dai kuu likisogea hatua moja kila mara. Sura ambayo ukiiondoa hakuna kinachopungua ni ya kuondolewa kweli, au ni makala yanayosubiri jarida. Kwa mtafiti wetu sura iliyokuwa hatarini ni ya 4, kwa kuwa ilikuwa historia ya miswada tu. Iliokolewa pale alipoona kwamba kutengana kwa shairi na jibu lake katika miswada ndiko kulikowafanya wasomaji wa baadaye wamwone Muyaka kama mshairi anayesema peke yake.

Baada ya mihtasari kukaa sawa, andika maelezo ya jumla ya kurasa moja au mbili: aya ya kwanza imwingize msomaji katika shairi moja na jibu lake, ya pili itoe dai, ya tatu ieleze ushahidi ulipatikana wapi, na ya nne itaje kitabu kinabadili nini katika uelewa wetu. Neno "tasnifu" lisionekane hapo. Litajwe mara moja tu, sehemu ya hali ya mswada, pamoja na maelezo ya kilichobadilishwa na tarehe ambayo mswada kamili utakuwa tayari.

Haki, idhini na hazina ya mtandaoni

Sehemu hii haisomwi kwa raha, lakini katika kitabu cha mashairi ndiyo inayoweza kuusimamisha mradi mzima. Chini ya sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001, kazi ya fasihi hulindwa kwa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Mashairi ya Muyaka yenyewe, basi, yamekwisha kutoka katika ulinzi, ingawa maelezo na tafsiri za wahariri wa karne ya 20 ni jambo jingine linalohitaji kuangaliwa kitabu kwa kitabu. Sauti ya Dhiki, iliyochapwa mwaka 1973 na yenye shairi la "Mnazi," bado inalindwa. Sheria huruhusu kunukuu kwa ajili ya uhakiki, ilimradi chanzo kitajwe, lakini mchapishaji atadai idhini ya maandishi pale shairi linaponukuliwa zima au karibu zima, na gharama yake kwa kawaida humwangukia mwandishi. Kwa hiyo taja katika pendekezo ni mashairi mangapi yatanukuliwa kwa ukamilifu, yapi yanahitaji idhini, na barua zipi zimekwisha kutumwa. Picha za miswada iliyoko maktaba ya SOAS mjini London zina utaratibu wake wa maombi, na ni vyema kuzihesabu moja moja badala ya kuandika "picha kadhaa."

Washairi waliohojiwa nao wana haki. Fomu ya ridhaa waliyotia saini ilikubali mara nyingi matumizi ya utafiti wa kitaaluma peke yake, na shairi alilolighani mzee barazani ni mali yake hata kama hajawahi kulichapisha. Rudi kwake, mweleze kwamba sasa ni kitabu kitakachouzwa, muulize kama anataka jina lake litajwe au lisitajwe, na upate ridhaa mpya kwa maandishi.

Mwisho, angalia kama tasnifu yako imewekwa wazi katika hazina ya mtandaoni ya chuo. Baadhi ya wachapishaji hawajali, wengine huuliza ni kiasi gani kimebadilika, na vyuo vingine hukubali ombi la kuizuia kwa muda. Eleza hali ilivyo bila kuficha. Vilevile taja makala uliyokwisha kuyachapisha kutokana nayo. Moja au mawili huonyesha kwamba kazi imepimwa, lakini sura nyingi zikiwa tayari majaridani, mhariri atauliza mnunuzi amebakishiwa nini.

Kutuma na kusubiri

Chagua mashirika kwa katalogi yao. Shirika lililotoa vitabu viwili au vitatu vya karibu na mada yako lina mhariri anayeielewa na linajua kuwafikia wanunuzi wake. Kwa kitabu cha kitaaluma cha Kiswahili kuhusu ushairi, mtafiti wetu angeanza na Mkuki na Nyota na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili jijini Dar es Salaam, pamoja na University of Nairobi Press, akisoma maelekezo ya kila mmoja na kulirekebisha pendekezo liyafuate. Pendekezo linaweza kutumwa kwa zaidi ya shirika moja kwa wakati mmoja, mradi kila mhariri aambiwe hivyo. Mswada kamili hutumwa kwa mmoja tu, kwa sababu shirika litawatafuta wasomaji wataalamu na kuwagharamia.

Jihadhari na barua pepe zinazomfikia mhitimu mara tu tasnifu yake inapoonekana mtandaoni, zikimsifu na kuahidi kitabu ndani ya wiki chache. Dalili ni kwamba hawaombi pendekezo, hawataji wasomaji wataalamu, na wanataka faili ileile iliyopelekwa kwa watahini.

Mhariri akivutiwa ataomba sura moja au mbili za mfano. Tuma sura iliyokwisha kuandikwa upya, wala isiwe utangulizi peke yake. Kwa mtafiti wetu ni sura ya 2, kwa kuwa ndimo dai linapopambana na mashairi yenyewe. Kisha pendekezo na sura huenda kwa wasomaji wataalamu, kwa kawaida wawili, na majibu yao huchukua miezi kadhaa. Ripoti zikirudi utaombwa kuandika jibu la ukurasa mmoja au mbili, na jibu hilo husomwa na kamati pamoja na ripoti zenyewe. Taja kila hoja iliyotolewa, sema utabadilisha nini na katika sura gani, na pale usipokubaliana toa sababu kutoka katika ushahidi. Wasomaji hao wawili wakipingana, kwa mfano mmoja akitaka sura ya 4 iondolewe na mwingine akiiona kuwa bora kuliko zote, usijaribu kuwaridhisha wote. Eleza ni ushauri upi unaoutumikia dai la kitabu, na umwachie mhariri sentensi anayoweza kuisoma mbele ya kamati.